Kisa cha daftari la kusubiri: kwa nini 704,000 za kwenye karatasi zilikuwa 166,000 mfukoni

Kisa hiki kimeandikwa kwa idhini ya mhusika. Jina, kazi na mtaa vimeondolewa, na tarehe zimefichwa. Viwango vya fedha ni vile vilivyoandikwa kwenye daftari lake na kwenye taarifa ya miamala ya simu yake.

Usuli

Mimi ni mweka hazina wa kikoba cha wanawake jijini Dar es Salaam. Mmoja wa wanachama wetu, nitamwita Mwanaidi, alikopa 300,000 kwa ajili ya ada ya mtoto, akarejesha nusu, kisha akakwama. Vikao viwili mfululizo alileta hisa bila rejesho. Baada ya kikao cha pili alinisubiri nje, akaniambia, "Dada, mshahara ninaupata, kodi analipa mume wangu, lakini hela sijui inakwenda wapi."

Mshahara wake baada ya makato ni 780,000. Mume anabeba kodi na umeme. Yeye anabeba chakula, nauli, gesi, mahitaji ya watoto wawili, na michango. Kwa hesabu hiyo rejesho la kikoba lilipaswa kupatikana bila shida kubwa.

Tulipanga kujaribu mbinu ya kusubiri: kila kitu cha hamu kiandikwe daftarini na kuachwa kwa muda kabla ya kuamua kukinunua. Kwanza nilimwomba atoe taarifa ya miamala ya simu ya miezi mitatu iliyopita. Tulikaa mkekani na kalamu tatu za rangi. Bluu ilikuwa ya mahitaji: chakula, nauli, dawa, shule, gesi. Kijani ilikuwa ya ahadi za watu, yaani harusi, misiba na hisa za kikoba. Nyekundu ilikuwa ya vitu vya hamu, vile ambavyo asingevinunua nyumba ingeendelea vilevile: madera, viatu vya pili na vya tatu, hotipoti, wigi, mashuka mapya wakati yapo mazima, vikombe vya seti.

Mstari mmoja ulitusumbua kidogo, nao ni kitambaa cha sare ya harusi. Yeye aliona ni lazima, kwa sababu ndugu asiyevaa sare anaonekana kajitenga. Tuliiweka kwenye kijani. Sikuona haki ya kumwita mtu mfujaji kwa kusimama na ukoo wake, na tena kanuni ya kusubiri haina kazi pale ambapo tarehe imewekwa na mtu mwingine.

Mwezi wa katikati kati ya ile mitatu ulikuwa na sikukuu, na nyekundu ilifika 231,000. Mwezi wa kwanza ilikuwa 164,000 na wa tatu 172,000. Wastani wa yote mitatu ni 189,000. Nilikataa kuutumia, kwa sababu miezi tuliyopanga kufanya jaribio haikuwa na sikukuu yoyote. Kama tungeanzia 189,000, mwezi wowote wa kawaida ungeonekana umeokoa 21,000 kabla hata hajabadilisha chochote. Tukachukua miezi miwili ya kawaida tu: wastani wake ni 168,000 kwa mwezi, zaidi kidogo ya moja ya tano ya mshahara. Hiki ndicho kilikuwa kipimo chetu cha kuanzia.

Ile miezi miwili ilikuwa na manunuzi mekundu 28, kwa wastani wa 12,000 kila moja. Hakuna lililokuwa kubwa la kumshtua mtu. Na kati ya 28, manunuzi 19 yalifanyika ndani ya siku kumi za kwanza baada ya mshahara, mengi kati ya saa tatu na saa tano usiku, watoto wakiwa wamelala na yeye akipitia stetasi za WhatsApp za wauzaji anaowafahamu.

Kanuni ya kwanza

Tulikubaliana kwamba hatajikataza kununua. Alishawahi kujikataza, na aliporudi sokoni alinunua kwa hasira ya kufunga. Badala yake, kila kitu cha hamu kiandikwe kwanza kwenye daftari dogo: tarehe, kitu, bei, muuzaji, na siku ya kukirudia. Chini ya 10,000 hakuna kusubiri. Kuanzia 10,000 hadi 50,000 asubiri siku saba. Zaidi ya 50,000 asubiri hadi mshahara ujao upite. Siku ya kurudia ikifika, anasoma mstari ule na kuamua: anunue au akate.

Muda ulipangwa kwa sababu moja. Hamu yake ilikuwa na saa yake, ya usiku baada ya kazi, siku pesa ikiwa ipo. Tulitaka uamuzi ufanyike saa nyingine, na mtu aliyetulia. Siku saba zilitosha kumpitisha kwenye Jumamosi moja, siku ambayo anapanga bajeti ya sokoni na kuona hela yote iliyobaki kwa pamoja.

Kulikuwa na tatizo la wauzaji, na hili watu huwa wanalipuuza. Muuzaji wa mtandaoni kwa Mwanaidi ni jirani, ni mtu waliyefanya kazi pamoja, ni shemeji. Anapoandika "dada niungishe, kimebaki kimoja", kukaa kimya ni utovu wa adabu. Tulitunga jibu moja la kutumia kila mara: "Nimekipenda, nimekiandika. Nitakujibu Jumamosi." Ni la kweli na halimvunji mtu moyo. Wauzaji wawili walikubali kumwekea, na mara nyingi kile kilichobaki kimoja Jumamosi kilikuwepo bado.

Mwezi wa kwanza: furaha ya 412,000

Mwezi hapa unahesabiwa mshahara hadi mshahara. Mwisho wa mwezi wa kwanza Mwanaidi alikuja na uso mwepesi. Aliandika vitu 17, alinunua viwili, alikata 15. Alijumlisha bei za vile 15 akapata 412,000. "Dada, nimeokoa laki nne na kumi na mbili."

Nilimuuliza ziko wapi. Simu ilikuwa na 31,000 zaidi ya kile ambacho huwa kinambakia siku hiyo ya mwezi.

Hapa ndipo kisa hiki kinapostahili kusomwa, kwa sababu karibu kila mtu anayejaribu mbinu hii anahesabu kama alivyohesabu yeye. Mtu aliyekuwa anatumia 168,000 kwa vitu vya hamu hawezi kuokoa 412,000 kutoka fungu hilohilo. Jumla ya vitu vilivyokatwa ni jumla ya matamanio, na matamanio hayana kikomo cha mshahara. Kwenye orodha yake kulikuwa na kabati la vyombo la 180,000. Hajawahi kununua kitu cha bei hiyo kwa hamu katika miezi yote tuliyoikagua. Kuliandika na kulikata hakukumwokolea hata shilingi. Na daftari lenyewe lilimrahisishia kuandika: kwa kuwa kuandika hakugharimu, aliandika hata vitu ambavyo zamani angevipita tu.

Tulirudi kwenye taarifa ya miamala na ile kalamu nyekundu. Matumizi mekundu ya mwezi ule yalikuwa 121,000. Toa kwenye 168,000, yamepungua 47,000. Hilo ndilo jibu la swali la kwanza: matumizi yamepungua kiasi gani? Swali la pili ni tofauti: katika kilichopungua, kimebaki kiasi gani? Jibu ni 31,000. Zile 16,000 katikati hazikuibwa. Zilitawanyika kwenye mboga bora kidogo, bodaboda badala ya daladala siku za mvua, na mchango mmoja ulioongezwa kwa sababu salio lilikuwepo. Pesa isiyo na mahali pake hutafutiwa kazi na siku inayofuata.

Kulikuwa na jambo la pili ndani ya ile 121,000. Vile vitu viwili alivyosubiri na kununua vilikuwa 38,000. Zilizobaki, 83,000, zilikwenda kwenye manunuzi 11 ya chini ya 10,000. Katika miezi ya kipimo, manunuzi madogo kama hayo yalikuwa yanamla wastani wa 34,000 kwa mwezi. Kanuni yetu ilifunga mlango mkubwa na kuacha dirisha wazi, na hamu ikapitia dirishani. Kosa hilo ni langu, mimi ndiye niliyesema vidogo havina neno.

Na la tatu: vile vitu viwili alivyonunua vilikuwa vimeandikwa siku ya mshahara, na siku ya kurudia ikaangukia siku ya nane. Alikuwa bado ndani ya zile siku kumi za pesa. Alisubiri kweli, lakini aliyeamua siku ya nane alikuwa na salio lilelile la aliyetamani siku ya kwanza.

Mabadiliko tuliyofanya

Dirisha tulilifunga kwa kuliwekea ukubwa. Siku ya mshahara anatoa 30,000 taslimu, anaiweka kwenye pochi peke yake. Hiyo ni yake: haiandikwi, haisubiriwi, haiulizwi. Ikiisha, hata kitu cha 3,000 kinaingia daftarini. Nilipendelea kiasi kinachoshikika kwa mkono kuliko kumwambia aandike kila ubuyu na kila hereni, maana daftari linalodai kila kitu huachwa baada ya wiki tatu.

Siku saba zilibaki, ila kitu kilichoandikwa ndani ya siku kumi za mshahara kinasubiri hadi siku ya 15.

Badiliko la tatu lilihusu kuhamisha. Kila kitu kinapokatwa, pesa iondoke kwenye simu na kwenda kwenye akaunti ya kikoba, kwa jina la rejesho. Lakini ihamishwe kiasi gani? Bei kamili ya kitu haiwezekani, kama kabati lilivyoonyesha. Tukaamua: bei yake, ila isizidi 12,000. Hiyo 12,000 ni wastani wa nunuzi lake jekundu la zamani, kwa hiyo ndiyo kadirio la pesa ambayo kweli ingeondoka. Na kwa kuwa kila kutuma kuna makato, anajumlisha na kutuma mara moja, Jumamosi.

Wazo la kuipa pesa mahali pake si letu. Watafiti Pascaline Dupas na Jonathan Robinson walifanya jaribio magharibi mwa Kenya na wanachama wa vikundi vya kuchangishana, wakachapisha matokeo mwaka 2013. Baadhi ya watu walipewa sanduku la bati lenye kufuli, ufunguo wakabaki nao wenyewe. Sanduku hilo tu, ambalo mtu angeweza kulifungua wakati wowote, liliwasaidia kuwekeza zaidi kwenye mahitaji ya kinga ya afya. Kilichokuwa kigumu kwao ni kilekile cha Mwanaidi: kuipeleka pesa mbali na mkono wa kila siku.

Miezi miwili iliyofuata

Mwezi wa pili aliandika vitu tisa. Alinunua vitatu baada ya kusubiri, vya jumla ya 41,000. Alikata sita na kuhamisha 64,000. Alivunja kanuni mara moja: gauni la mtumba la 22,000 alilolikuta Kariakoo. Alinitumia picha usiku uleule, akasema, "Dada, mtumba haurudi." Ana hoja. Kitu cha dukani kitakuwepo wiki ijayo, lakini mtumba ni mmoja tu, na muda wa kusubiri unageuka kuwa kukataa. Kwa mitumba tumekubaliana atumie fedha ya pochi tu, na siku akipanga kwenda mitumba asiitumie kwingine. Mwezi huo matumizi mekundu yalikuwa 93,000, pungufu la 75,000.

Mwezi wa tatu aliandika tisa tena, akanunua vitatu vya 56,000, akakata sita, akahamisha 71,000. Matumizi mekundu 86,000, pungufu la 82,000.

Matokeo

Kwa miezi mitatu, bei za vitu vyote 27 alivyokata zinafika 704,000. Matumizi yaliyopungua ni 204,000. Fedha iliyofika mahali na kukaa ni 166,000: 31,000 za mwezi wa kwanza, ambazo tulizihamisha siku ileile tulipozikuta, kisha 64,000 na 71,000. Kwa hizo 166,000 alilipa rejesho lote la 150,000 lililobaki, na 16,000 akaiacha kama mwanzo wa akiba.

Tulipima pia kitu kisicho pesa. Baada ya miezi mitatu tulipitia kabatini na jikoni tukiwa na orodha mkononi. Kati ya yale manunuzi 28 ya miezi ya kipimo, 11 hayakuwa yakitumika: mengine hayajavaliwa, mengine yameharibika, mawili hakukumbuka alimpa nani. Kati ya vitu vinane alivyonunua baada ya kusubiri, saba vilikuwa kwenye matumizi. Sikutegemea tofauti hiyo, na kwangu ina uzito kuliko shilingi zenyewe, kwa kuwa inaonyesha kusubiri kulichuja vizuri na hakukumnyima alichokihitaji moyoni.

Mapazia

Nilikwenda kumjulia hali mtoto wake alipougua, nikaona mapazia mapya sebuleni. Yalikuwa kwenye daftari, mwezi wa tatu: mapazia 45,000, yamekatwa, 12,000 zimehamishwa. Nilimuuliza taratibu. Alisema mume wake ndiye aliyenunua. Nani alimwomba? Akainamisha kichwa, akacheka, akasema ni yeye.

Hakudanganya, na alikuwa na haki ya kumwomba mume wake mapazia. Lakini kipimo chetu kilikuwa kinatazama simu moja. Ukihesabu nyumba nzima, pungufu la mwezi wa tatu si 82,000 bali 37,000, na jumla ya miezi mitatu inashuka kutoka 204,000 hadi 159,000. Rejesho la kikoba lilipatikana kweli, ila sehemu yake ililipwa na pochi ya mwenzake bila mwenzake kujua.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ni kuhamisha uamuzi kutoka saa ya usiku kwenda Jumamosi. Vitu tisa kati ya 27 vilivyokatwa alikuwa amevisahau kabisa hadi aliposoma daftari. Hivyo havikuhitaji nguvu ya kujizuia hata kidogo. Vilikufa vyenyewe. Lile jibu kwa wauzaji nalo lilibeba mzigo mkubwa: bila hilo angelazimika kuchagua kati ya kanuni na ujirani, na ninajua angechagua ujirani.

Kilichoshindwa ni kikomo cha 10,000 na muda uliohesabiwa bila kutazama siku ya mshahara. Yote mawili yangeonekana mapema kama tungetazama taarifa ya miamala kila wiki badala ya kusubiri mwisho wa mwezi. Dalili za kutazama ni hizi: manunuzi madogo yanaongezeka idadi, vitu vinavyoandikwa vinazidi kuwa ghali kuliko vile mtu alivyozoea kununua, na salio halilingani na hadithi ya daftari.

Mipaka ya kisa hiki nayo ni mipana. Ni mtu mmoja na miezi mitatu. Kipimo cha kuanzia kinakosa manunuzi ya fedha taslimu ambayo hakuyakumbuka, kwa hiyo huenda 168,000 ilikuwa ndogo kuliko ukweli. Katika mwezi wa pili alizima pia stetasi za wauzaji watano, kwa hiari yake, kwa hiyo siwezi kutenganisha faida ya kusubiri na faida ya kutoona. Na yeye alikuwa na deni mbele ya wanawake wenzake. Mtu asiye na wa kumwonyesha daftari anaweza kupata matokeo mengine.

Mbinu hii pia isingemsaidia mtu ambaye kalamu ya bluu inammalizia mshahara wote. Tumekuwa na mwanachama wa hivyo. Tulipopaka rangi, nyekundu yake haikufika 9,000 kwa mwezi. Kumpa daftari la kusubiri kungekuwa kumwongezea aibu. Alihitaji rejesho lake ligawanywe upya, na tulifanya hivyo.

Mwanaidi anaendelea. Tangu siku ya mapazia, daftari limeongezwa safu moja, "nani atalipa", na mume wake ameomba kurasa zake nyuma ya daftari hilohilo. Wiki iliyopita mume ameandika spika ya redio, 65,000.